Dada yuko wodini wiki ya tatu, mguu kwenye vizito. Nimemwandikia ujumbe wa nyimbo, naomba mnikosoe kabla sijautuma

MdogoMtu

Wakuu habari zenu.

Dada yangu alivunjika mfupa wa paja. Hajapasuliwa. Wamempitisha pini ya chuma kwenye mfupa chini ya goti, kamba inatoka hapo inapita juu ya kapi mwisho wa kitanda, halafu vizito vinaning'inia. Analala chali mchana na usiku, na daktari kamwambia ajiandae kwa wiki nane, pengine kumi na mbili. Leo ndiyo kwanza anamaliza ya tatu.

Juzi kanipigia simu, akasema: "Mdogo wangu, nyufa za dari nimeshazimaliza kuzihesabu. Nitumie nyimbo. Ila usinitupie rundo la nyimbo mia kama ulivyozoea, nataka kila wimbo uniambie ni wa nini."

Basi nimekaa nikaandika. Naubandika hapa kama ulivyo:

"Shikamoo dada. Nyimbo zako hizi hapa, nne tu.

Wa kwanza ni Jerusalema, ule wa Master KG na Nomcebo, wa 2019. Huu ni wa mguu. Uliniambia wanataka ukanyage na kuachia kifundo ili damu isilale kwenye kigimbi. Kila ngoma ikidunda, kanyaga mara moja, kama unashona kwa cherehani.

Wa pili ni Lovely Day wa Bill Withers, wa 1977. Huu ni wa kifua. Kuelekea mwisho jamaa analishika neno moja sekunde 18 bila kupumua. Shindana naye, ukimshinda niambie.

Wa tatu ni Kothbiro wa Ayub Ogada, wa usiku. Ni nyatiti na sauti yake, basi. Kijaluo hukijui na mimi sikijui, zaidi ya kwamba jina lina maana mvua inakuja. Ndiyo sababu nimeuchagua: hakuna maneno ya kukufanya ufikirie.

Wa nne ni Malaika. Huu ni wa asubuhi wakija kukusafisha pini. Mama alikuwa anauimba kwa mdomo uliofumba akikusuka, na wewe umebanwa kichwa magotini mwake. Fumba macho uwe pale, maumivu yapite."

Nimekosea wapi?

Kichwangumu

Mgonjwa hahitaji nyimbo, anahitaji hela. Mtumie hela.

MdogoMtu

Hela nimetuma, mkuu. Nyimbo ndizo alizoomba.

FundiGitaa

Kwanza tuwekane sawa kwenye Malaika. Watu wanaandika kana kwamba ni wa Miriam Makeba. Makeba aliusambaza duniani, ila Fadhili William ndiye aliyeurekodi mapema zaidi yake.

Kichwangumu

Aliurekodi, hakuutunga. Aliyetunga ni Adam Salim.

FundiGitaa

Hilo ndilo linalobishaniwa hadi leo na hapa hatulimalizi. Tusimharibie mtu uzi.

Turudi kwa dada. Mimi napiga muziki, dawa sijui, lakini kwenye Jerusalema nimeona tatizo la hesabu. Wimbo ule unakwenda mapigo kama 124 kwa dakika. Ukimwambia akanyage kila pigo atakanyaga mara 124 kwa dakika moja, karibu mara mbili kila sekunde. Jaribu wewe mwenyewe hapo ulipo, kifundo kiende juu kabisa na chini kabisa kwa mwendo huo. Utajikuta unatingisha vidole tu, kifundo chenyewe hakifiki popote.

Wimbo usiutoe, mbadilishie hesabu tu. Moja-mbili vidole vinakuja usoni kwake, tatu-nne vinakwenda mbele. Mapigo manne kwa mzunguko mmoja, 124 gawanya kwa 4 ni mizunguko 31 kwa dakika. Kila mwendo unapata takriban sekunde moja kamili. Ngoma bado anaisikia ya kuchezeka, ila mguu unakwenda polepole.

Pangu_Pakavu

Mkuu, kwenye wimbo wa usiku umekosea. Kuna muziki unaitwa Weightless, kundi la Marconi Union, 2011. Ule walitengeneza pamoja na wataalamu wa tiba ya sauti. Unaanza mapigo 60 kwa dakika unashuka taratibu hadi 50, na moyo wa msikilizaji unaufuata, nao unashuka hadi 50. Imethibitishwa kwamba una nguvu sawa na dawa ya usingizi ya hospitali. Mpe huo, hayo ya nyatiti weka pembeni.

Bi_Subira

Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako nikalia kidogo, lakini naomba wimbo wa nne uufute kabla hujatuma. Nitakueleza kwa nini.

Mimi niliungua mkono na ubavu, nikalazwa wiki tisa. Kila asubuhi kidonda kilibadilishwa bandeji. Mume wangu, Mungu ambariki, aliniletea kanda nzima ya mwimbaji niliyempenda tangu shule (jina silitaji, hana kosa). Nikawa naweka hedifoni wakati wa bandeji. Siku za mwanzo ilinisaidia sana. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nikisikia gitaa la kwanza tu, kabla nesi hajashika bandeji, mgongo unakaza.

Nimetoka hospitali miaka sita iliyopita. Mwaka jana tuko kwenye sherehe, wakapiga wimbo ule, watu wote wameinuka. Mimi nikasikia harufu ya dawa ya kuoshea vidonda. Haikuwepo pale, lakini niliisikia puani kabisa. Nikatoka nje.

Wimbo ule ulikuwa wangu, sasa si wangu tena. Malaika ya mama yenu usiipeleke kwenye pini.

MdogoMtu

Dah. Hilo halikunijia kabisa. Mimi nilidhani maumivu makubwa yanataka wimbo mkubwa.

FundiGitaa

Pole sana Bi Subira. Ila nami nina langu. Niling'olewa jino lililogoma, saa nzima, nikapiga wimbo ninaoupenda kuliko yote. Mpaka leo naupenda. Kwa hiyo si lazima.

ZamuYaUsiku

Nimekuta uzi huu nikitoka kazini. Nimefanya wodi ya mifupa miaka mingi, siku hizi niko chumba cha upasuaji na watu wa usingizi. Nitachangia kwa vipande, nikisinzia mtanisamehe.

Nianze na Bi Subira na Fundi, kwa sababu hapo ndipo penye kitu. Fundi, jino ni mara moja. Dada wa huyu ndugu atasafishwa pini kila siku kwa, tuseme, wiki saba zijazo kama wodi yao inasafisha kila siku. Ni mara karibu hamsini, saa ileile, nesi yuleyule, harufu ileile, wimbo uleule. Mwili unajifunza kwa kurudiarudia, na hauna mpango wa kukuuliza ufunge nini na nini pamoja.

Kwa chakula jambo hili linajulikana vizuri. Mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein alionyesha kwamba watoto waliopewa aiskrimu fulani kabla ya dawa za saratani zinazotapisha waliikataa ile aiskrimu baadaye, ingawa haikuwa na kosa lolote. Halafu 1987 yeye na mwenzake wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda sana: wakawapa watoto peremende yenye ladha isiyo ya kawaida kati ya mlo na dawa. Lawama ikaiangukia peremende, chakula kikapona. Peremende ikawa mbuzi wa kafara.

Sasa, tumbo na sikio si kitu kimoja, siwezi kukuambia wimbo utaharibika kama aiskrimu ilivyoharibika. Lakini nimewaona akina Bi Subira wengi kiasi kwamba nawashauri wagonjwa wangu: wakati wa kidonda peleka wimbo wa kafara. Wimbo usiouchukia, lakini ukiupoteza hutalia.

Kichwangumu

Kwa hiyo anatafutiwa wimbo mbaya?

ZamuYaUsiku

Hapana. Mbaya utamwongezea karaha. Anatafutiwa wimbo mzuri wa mtu mwingine.

Bi_Subira

Hahaha. Basi ninao. Nilipolazwa kila ndugu na jirani alinitumia Don't Worry, Be Happy. Kila mmoja akidhani ni yeye wa kwanza. Umelala hapo mkono unawaka, mtu anakuimbia usijali. Nilitamani kuirusha simu dirishani.

MdogoMtu

Nilikuwa karibu kuuweka wa tano, nimeufuta haraka!

Msomaji_Kimya

Samahani kwa kuingilia. Baba yangu alipata kiharusi, hajaongea siku kumi na moja. Je, nikimpigia nyimbo sikioni ataamka? Nipige sauti ya juu kiasi gani?

ZamuYaUsiku

Pole sana ndugu. Swali lako ni tofauti na la uzi huu, na kumwamsha kwa wimbo nisikudanganye. Usipige sauti ya juu. Asiyeweza kusema hawezi pia kukuambia kwamba inamuumiza. Ongea naye kwa sauti ya kawaida, muziki uwe wa chini na wa muda mfupi, umtazame uso na mwulize nesi wake kama ameona akihangaika. Fungua uzi wako nitakuja huko.

Sasa Pangu Pakavu. Ulichosema kina ukweli nusu. Weightless kweli ilitengenezwa hivyo, na kweli inashuka kutoka 60 hadi 50. Lakini moyo haufuati ngoma kama mchezaji. Kinachofuata kidogo ni pumzi: muziki wa polepole mtu hupumua polepole, na moyo hutulia kwa sababu ya pumzi. Ukimpigia mtu muziki wa mapigo 50 hafiki 50. Na akifika 50 wodini, wengine wetu tutakuja mbio.

Hiyo ya "sawa na dawa" nadhani imetoka kwenye jaribio la Marekani lililochapishwa 2019. Wagonjwa 157 waliokuwa wanasubiri sindano ya ganzi: wengine walipewa dawa ya kutuliza, midazolam, kwenye mshipa, wengine wakasikiliza Weightless dakika tatu. Hofu ilipungua kwa kiwango kinachokaribiana pande zote mbili. Hapo uko sahihi. Lakini ilikuwa hofu kabla ya sindano, dakika tatu, haikuwa usingizi wa usiku mzima. Na kuna mambo mawili ambayo wasambazaji huwa hawayataji. Waliosikiliza muziki waliridhika kidogo kuliko waliopewa dawa, na mojawapo ya sababu zinazofikiriwa ni kwamba hawakuuchagua wenyewe. Pia hedifoni zile zilikuwa za kuzuia kelele, ikawa vigumu mgonjwa na daktari kusikilizana.

Kwa hiyo kama dada anaipenda Weightless, apige. Kama Kothbiro ndiyo inamlegeza mabega, Kothbiro ndiyo dawa yake.

Pangu_Pakavu

Sawa, nimeelewa ya usingizi. Ila hilo la moyo bado sikubali sana, mimi nimejipima kwa saa yangu ya mkononi nikaona umeshuka.

ZamuYaUsiku

Ulikuwa umekaa?

Pangu_Pakavu

Nililala.

ZamuYaUsiku

Basi kesho lala bila wimbo, ujipime tena.

FundiGitaa

Kwenye Kothbiro mimi naunga mkono. Nyatiti ina nyuzi nane na Ogada anarudia mzunguko uleule, sauti inakuja juu yake bila haraka. Hakuna ngoma inayoingia ghafla ikakushtua. Wimbo wa usiku ukiwa na ghafla hata moja, hata uwe mzuri vipi, haufai. Nimesahau tu kumwambia mwenye uzi: kinachofuata baada ya wimbo je? Programu nyingi za muziki wimbo ukiisha zinachagua zenyewe unaofuata, au linaingia tangazo. Umesinzia, tangazo la kiatu linakupigia kelele sikioni.

MdogoMtu

Hilo limeshamtokea! Aliniambia "nilikuwa nimeanza kusinzia, jamaa akanipigia kelele ya mkopo." Nilicheka nikasahau.

ZamuYaUsiku

Mpakulie ziwe kwenye simu, na usiku aweke saa ya kuzima muziki. Dakika ishirini zinatosha. Tena ukimya wenyewe una kazi. Watafiti wa Italia mwaka 2006 walipima watu wakisikiliza miziki ya aina mbalimbali wakawawekea dakika mbili za ukimya katikati. Ule ukimya uliwatuliza kuliko hata muziki wa polepole. Kwa hiyo wimbo ukiisha asikimbilie mwingine.

Hedifoni sikio moja tu, lingine libaki wazi amsikie nesi. Sauti ya chini. Na kama anapewa antibayotiki ya sindano, aulize ni ipi: gentamicin na amikacin zinaweza kudhuru masikio. Akianza kusikia mlio masikioni, hata akiwa amevua hedifoni, amwambie nesi siku hiyohiyo. Asijisemee tu ni muziki.

MdogoMtu

Na Lovely Day? Hiyo hamjaigusa.

ZamuYaUsiku

Niliiacha makusudi kwa sababu wazo ni zuri, ila umelipindua.

Mtu aliyelala chali wiki nyingi hupumua juujuu. Sehemu za chini za mapafu hazifunguki vizuri, makohozi yanakaa, nimonia inapata mlango. Kinachofungua mapafu ni pumzi inayoingia. Wewe umemwambia ashindane kutoa pumzi kwa sekunde 18. Atakaza tumbo, atakuwa mwekundu, kichwa kitazunguka, na mapafu hayatakuwa yamepata kitu.

Lakini wimbo huo una siri nzuri ukiusikiliza upya. Mtu hawezi kushika neno sekunde 18 kama hajavuta hewa ya kutosha kwanza. Mwambie dada amwige Withers pale kabla hajaanza, si pale mwisho. Avute polepole kwa pua mpaka mbavu zifunguke, ashikilie hesabu ya tatu, halafu aachie kwa kuguna noti yoyote inayomfaa. Sekunde sita zikifika, tosha. Wodi nyingi huagiza pumzi kubwa kumi kila saa ukiwa macho, kama kwake wamesema tofauti afuate yao. Akihisi kizunguzungu apumzike.

FundiGitaa

Ndivyo tunavyofundisha waimbaji. Noti ndefu inatengenezwa kabla haijasikika.

Kichwangumu

Mimi nina swali la kweli sasa, msinicheke. Jerusalema mnajua inasema nini? Ni Kizulu. Anasema Jerusalema ndiko nyumbani kwangu, uniokoe, twende pamoja, usiniache hapa. Halafu anasema mahali pangu si hapa. Unamtumia mgonjwa kitandani wimbo wa mtu anayeomba aondolewe duniani? Mimi ningetumiwa na mdogo wangu ningeuliza kama daktari kawaambia kitu ambacho mimi sijaambiwa.

MdogoMtu

Aisee. Mimi nilikuwa nawaza ile 2020 manesi dunia nzima wanaucheza.

Bi_Subira

Mimi nikiwa kitandani "mahali pangu si hapa" ningeielewa kwamba nataka kwenda nyumbani kwangu kwenye kitanda changu. Ningeuimba kwa sauti daktari asikie!

Kichwangumu

Wewe ndiyo. Mwingine je?

ZamuYaUsiku

Hili haliamuliwi humu. Anayemjua dada yake ni mwenye uzi. Ila nimeshuhudia familia ikipeleka wimbo wa dini kwa nia njema, mgonjwa akaacha kula siku nzima akidhani anaagwa. Usiposema sababu, mgonjwa hujaza yake.

MdogoMtu

Nimeamka alfajiri nikaandika upya. Naweka hapa, nikipata neno la mwisho natuma.

"Shikamoo dada.

Uliniambia kila wimbo uje na kazi yake. Nimeuliza watu wanaojua kuliko mimi, wamenisuta, kwa hiyo hizi ni kazi zilizorekebishwa. Zote nimekuwekea kwenye simu, hazitaki bando na hazina tangazo la mkopo.

Jerusalema ni ya mguu. Sikiliza ngoma, hesabu nne: moja-mbili vuta vidole vije kwako, tatu-nne sukuma. Ulisema wamekuagiza mara ishirini kila saa. Kwa hesabu hii ishirini zinaisha kabla dakika haijaisha, kwa hiyo huhitaji wimbo wote, kata pale unapopenda. Fanya na mguu usiovunjika pia, usiuonee huu mmoja. Wa kwenye vizito fanya kwa kiasi ulichoonyeshwa tu, na akija mtu wa mazoezi akikupa hesabu nyingine, yake ndiyo sheria. Kigimbi kikivimba au kuuma kwa namna mpya, au pumzi ikikukatika ghafla, acha wimbo uite nesi. Na usiyatafute maneno yake kama ujumbe wa siri. Nimeuchagua kwa sababu kwenye harusi ile uliucheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, ukaendelea peku. Daktari hajaniambia lolote ambalo hajakuambia.

Lovely Day ni ya kifua. Kuna mahali analishika neno mpaka unataka kumpigia magoti apumue. Usimfuate huko. Muige alivyojaza kifua kabla. Vuta kwa pua, polepole, mbavu zifunguke, shikilia hesabu tatu, toa kwa kuguna. Kumi zikitimia pumzika. Mgonjwa wa kitanda cha pili akikuuliza unaguna nini, mwambie ni dawa.

Kothbiro ni ya usiku. Weka sikio moja, lile la upande wa ukuta. Ukiisha, uache ukimya uwepo kabla hujagusa simu. Ukiona haikulegezi, niambie nitafute nyingine, sitaona vibaya.

Wakati wa pini nimekuwekea Don't Worry, Be Happy ya Bobby McFerrin, ya 1988. Subiri, usirushe simu. Maneno yake yapuuze kabisa, na jali unavyotaka. Nimeuweka kwa kazi nyingine: mle ndani hakuna chombo hata kimoja. Besi, mluzi, ngoma, vyote ni yeye, mdomo wake na mwili wake, amejirekodi juu ya sauti zake mwenyewe. Wakianza kusafisha, anza kuhesabu ni sauti ngapi tofauti unazisikia kwa wakati mmoja. Ukipotea anza upya. Na kama siku moja utauchukia wimbo huu, hatukupoteza kitu, haukuwa wetu. Ila maumivu ya pini yakizidi kuliko jana, au ukiona usaha au wekundu, hilo si la wimbo, mwonyeshe nesi.

Malaika sikuutia humo. Huo ni wa siku watakayoshusha vizito. Nitakuja nao mwenyewe."

Bi_Subira

Tuma.

FundiGitaa

Tuma. Ila "upande wa ukuta" una uhakika kitanda chake kina ukuta?

MdogoMtu

Kipo kando ya ukuta kushoto, ndipo zilipoanzia zile nyufa.

ZamuYaUsiku

Ni mzuri. Ile kazi ya kuhesabu sauti nitaiiba. Ongeza kitu kimoja: amwambie nesi kabla, "nikiweka wimbo huu nipe sekunde ishirini ndiyo uanze." Mgonjwa akishika mwanzo yeye, mengine yanakuwa mepesi. Na kama kuna dawa ya maumivu ameandikiwa, aulize kama inaweza kutolewa mapema kabla ya kusafishwa. Wimbo haushindani na dawa.

Pangu_Pakavu

Nimejipima bila wimbo. Umeshuka vilevile. Sisemi kitu.

Kichwangumu

Mimi bado Jerusalema ningeitoa.

MdogoMtu

Nimeiacha, mkuu, ila nimekusikia, ndiyo maana ile sentensi ya daktari ipo. Nimetuma na nyongeza ya Zamu.

MdogoMtu

Mrejesho, siku ya nne. Dada kajibu asubuhi hii, nanakili:

"Marahaba. Kothbiro sijawahi kuufikisha mwisho, nalala. Lovely Day imepigwa marufuku na bibi wa kitanda cha pili, anasema naguna kama mbuzi, sasa nafanya kimoyomoyo bila wimbo. Jerusalema niliilia siku ya kwanza, sababu nakwambia ukija, siku ya pili nikaendelea. Ya pini: mimi nimehesabu sauti tano. Nesi anasema sita, anadai kuna moja huku chini nimeiruka. Kesho anakuja na hedifoni yake tuhesabu upya kabla hajaanza."

Fundi, zipo ngapi?

FundiGitaa

Nipe jioni nikae nazo.